Dau Lililolala, Dau Lililolazwa

Mdogo wangu aliandika sentensi moja ya Kiingereza isiyo na kosa la sarufi, na sentensi hiyo ikamzika mama yake akiwa hai.

Ni mtoto wa mama mdogo, na wakati huo alikuwa kidato cha pili. Bweni lake, sare na madaftari vililipiwa na wafadhili wa ng'ambo, ambao kila muhula walitaka barua ya Kiingereza kutoka kwake mwenyewe, si kwa mwalimu wala mzazi. Muhula ule mama mdogo aliugua. Alitolewa Kilwa Masoko akapelekwa Lindi, akalazwa. Mdogo wangu akaandika habari za masomo, habari za mvua, kisha akaandika hivi: *My mother was laid in Lindi on Monday.*

Majibu yalikuja baada ya siku tisa. Yalikuwa barua ya rambirambi, imeandikwa kwa upole na kwa moyo mweupe. Chini yake palikuwa na fomu ya kujaza jina la mlezi mpya, na maelezo kwamba malipo ya muhula yatasubiri mpaka fomu irudi. Mama mdogo alikwisha kurudi nyumbani siku nne zilizopita. Alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi tulipomsomea. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, “Na arobaini yangu wameshaisoma?”

Tulicheka, lakini deni la bweni halikucheka nasi. Ilibidi mtendaji atuandikie barua yenye mhuri kuthibitisha kwamba mama mdogo yu hai, barua itafsiriwe, itumwe, ijibiwe. Katika wiki hizo mdogo wangu aliishi kwa kukopa sabuni na kwa kukwepa macho ya watu wa ofisini.

Jioni moja alinijia na kaunta buku lake. “Kaka,” akasema, “nionyeshe nilipokosea.” Akafungua ukurasa wa vitenzi, wenye safu tatu zilizochorwa kwa rula. Akaweka kidole kwenye mstari: *lay, laid, laid*. Laza ni *lay*. Lazwa ni *be laid*. Alilazwa ni *was laid*. Kila hatua ilikuwa sahihi, na kamusi ilikuwa upande wake. Lingekuwa swali la mtihani linalotaka umbo la tatu la kitenzi *lay*, angepata alama yake bila mjadala.

Nilichoweza kumwambia ni kwamba Kiswahili kimempa neno *lazwa* kazi ambayo Kiingereza hakimpi *laid*. Mgonjwa wetu hulazwa, wao wana neno lingine kabisa, *admitted*, yaani amepokelewa. Ukimtaja mtu mzima, ukaweka *was laid*, ukataja mji na siku, msomaji wa Kiingereza anasikia kaburi. Alilielewa hilo mara moja. Lakini aliniuliza swali la pili ambalo lilinichukua jioni nyingi: “Sasa hivi vitenzi vyenyewe, kwa nini viko hivi?”

Ninafundisha tuisheni ya Kiingereza Kilwa Masoko, barazani, kwa wanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili. Najua ule ukurasa wa safu tatu unavyosomwa. Unaimbwa. *Go, went, gone. Sing, sang, sung. Lie, lay, lain. Lay, laid, laid.* Wimbo unasaidia kwa vitenzi vingi, maana kila mstari una sauti yake. Kwa hivi viwili wimbo unaharibu. Neno *lay* linatokea mara mbili: kwenye mstari wa kwanza liko safu ya pili, kwenye mstari wa pili liko safu ya kwanza. Anayeimba hasikii tofauti ya mistari, anasikia *lay* limepita mara mbili.

Ndiyo maana makosa ya daftarini yana sura chache tu, na kila sura ina chanzo chake. Mwanafunzi akiandika *has lay*, amechukua safu ya pili mahali pa safu ya tatu. Akiandika *has laid* kwenye sentensi ya mtu aliyejilalia mwenyewe, amehama mstari. Akiandika *layed*, amejua kwamba kitenzi hiki hufuata kanuni ya *-ed*, ila hakujua kwamba tahajia yake imefupishwa, kama *paid* na *said*. Na akiandika *lied*, ameingia mstari wa tatu ambao wengi hawaufundishi pamoja na hii miwili: *lie, lied, lied*, kusema uongo. Mwalimu anayeweka mkasi mmoja kwa makosa yote manne anawaacha wanafunzi palepale.

Kwa mdogo wangu nilianzia Kivinje, kwa babu.

Mtu aliyekulia Kilwa Kivinje anajua kwamba maji ya bamvua yakipwa, bahari inakwenda mbali kweli, na vyombo vinabaki mchangani. Dau lisilotegemezwa linainama taratibu kadiri maji yanavyoliacha, mpaka ubavu mmoja ugusa mchanga. Hapo babu alikuwa akisema, “Dau limelala.” Hakuna aliyeligusa. Lakini zilikuwapo siku ambazo dau lilisimama wima juu ya gadi, miti ya kulitegemeza pande mbili, kisha babu na wenzake wakaiondoa gadi ya upande mmoja, wakalishikilia, wakaliinamisha kwa ubavu wapate kukwangua magamba ya chini na kukalafati nyufa kabla maji hayajarudi. Dau hilo halikulala. Dau hilo limelazwa. Ukipita kwa mbali, madau yote mawili yana sura moja. Tofauti ni moja tu: kama kuna watu waliofanya kitendo, au chombo kimelala chenyewe.

Hiyo ndiyo tofauti yote ya *lie* na *lay*. Nilimwambia kabla hajagusa safu tatu, aitafsiri sentensi kwa Kiswahili na ajiulize: ni *lala* au *laza*? Akipata *lala*, yuko mstari wa *lie, lay, lain*. Akipata *laza*, yuko mstari wa *lay, laid, laid*. Baada ya hapo tu ndipo aulize habari ya wakati. Watoto wa Kiingereza hawana chombo hiki. Sisi tunacho mdomoni tangu tunyonye, na bado tunafundishwa kukariri kama wao.

Kuna mtego mmoja hapa. Tumezoea kufundishwa kwamba *-me-* ni *has* au *have*, kwa hiyo *-me-* ikionekana, umbo la tatu linafuata. Kwa *amesoma* na *amepika* inakubali. Kwa *amelala* haikubali. “Dau limelala mchangani” haisemi habari ya jambo lililokwisha, inasema hali ya dau sasa hivi. Kiingereza chake ni *The boat is lying on the sand*. Ndivyo ilivyo kwa *amesimama*, *amekaa* na *amevaa*: sisi tunaonyesha kwamba kitendo kimeingia na hali yake inaendelea, wao wanaonyesha kuendelea tu. Ili *has lain* ipate nafasi, sentensi lazima iwe na muda: dau limelala hapo tangu asubuhi, *The boat has lain there since morning*. Mwenye kutunga maswali anajua hilo, na ndiyo maana kwenye swali la *lain* karibu kila mara utakuta *since* au *for*. Mdogo wangu alianza kuyatafuta maneno hayo kama anayetafuta alama za njia.

Swali lake la “kwa nini” lilikuwa bado. Nilipokuwa chuo nilijifunza historia ya lugha za Ulaya kwa ajili ya mtihani, nikadhani nimeisahau. Ilirudi nikiwa namchorea mdogo wangu vitenzi kwenye mchanga wa uani kwa kijiti.

Miaka 2000 hivi iliyopita, lugha iliyozaa Kiingereza, Kijerumani na ndugu zao ilikuwa na njia ya kutengeneza kitenzi cha kusababisha kutokana na kitenzi cha kawaida. Ilichukua shina la *lala*, ikabadili irabu yake, ikaongeza mwishoni kijisauti kama *i* au *y*. Kutokana na *ligjan*, kulala, ikapatikana *lagjan*, kulaza. Baadaye kijisauti hicho kilimezwa, lakini kabla ya kumezwa kilishaivuruga sauti iliyokuwa jirani. *Lie* na *lay* za leo ni mabaki ya jozi hiyo.

Mzungumzaji wa Kiswahili akisikia habari hii anapaswa kutabasamu, kwa sababu sisi tulifanya jambo lilelile. *Laza* haikuangushwa kutoka juu. Lugha za Kibantu zilikuwa na kijisauti *i* cha kusababisha, kikikaa kati ya shina na irabu ya mwisho. Kilipokutana na *l* ya *lala*, *l* ikageuka *z*, na chenyewe kikapotea. Kilipokutana na *k* ya *waka*, tukapata *washa*. Kwa *ogopa* kimetuachia *ogofya*, kwa *pona* kimetuachia *ponya*, kwa *lewa* *levya*. Lugha mbili zisizo na undugu, moja ya kaskazini ya Ulaya na nyingine ya Afrika, zilitumia sauti ya namna moja kwa kazi moja, na kote iliacha kovu kwenye neno kisha ikaondoka.

Habari hii ina faida ya mtihani pia. Katika Kiingereza cha kale, vitenzi vya asili ndivyo vilivyobadilisha irabu kuonyesha wakati: *lie* ikawa *lay*, *rise* ikawa *rose*, *fall* ikawa *fell*. Vile vilivyoundwa kwa kusababisha vilikuwa wageni katika nyumba hiyo. Havikuruhusiwa kubadilisha irabu, vikapewa mkia wa *d*, huu tunaouandika *-ed*. Kwa hiyo katika kila jozi, anayefanya mwenyewe ndiye mkorofi, na anayefanyiza mwenzake ndiye mtiifu. Kuamka au kupanda juu ni *rise, rose, risen*, lakini kuinua kitu ni *raise, raised, raised*. Kuanguka ni *fall, fell, fallen*, lakini kuangusha mti kwa shoka ni *fell, felled, felled*. Kunywa ni *drink, drank, drunk*, na kunywesha kulizaa *drench, drenched, drenched*, ambayo siku hizi maana yake ni kulowesha chapachapa. Kukaa ni *sit, sat, sat*, na kuweka ni *set, set, set*, ambapo mkia wa *d* ulimezwa na *t* ya mwisho.

Tazama jozi ya *fall* na *fell*, utaona ugonjwa uleule wa *lie* na *lay*: *fell* ni “alianguka” na ni “angusha mti.” Hatuchanganyikiwi nayo kwa sababu hatuangushi miti kila siku kwa Kiingereza. *Lay* inatutesa kwa kuwa kulala na kulaza ni mambo ya kila siku. Na kufanana kwake si ajali tupu. Kitenzi cha kusababisha kilijengwa kwa irabu ileile iliyotumika kusema “alilala.” Walitoka shina moja, wakavaa shati moja.

Mdogo wangu alisikiliza, kisha akauliza habari za *sing*. Hapa nilikuwa na deni kwa darasa zima, maana kila wiki nakutana na *have sang* na *he sung*.

Nilimwambia hivi. Katika Kiingereza cha miaka 1000 iliyopita, “niliimba” na “tuliimba” havikuwa na irabu moja. Mmoja aliyeimba alikuwa *sang*, wengi walioimba walikuwa *sungon*, na umbo la tatu lilikuwa *sungen*. Wakati uliopita ulikuwa na mashina mawili, la umoja na la wingi. Lugha ilipochoka kubeba mashina mawili, kila kitenzi kilichagua kimoja. *Sing*, *drink*, *swim*, *begin*, *sink*, *spring* na *shrink* vikabaki na *a* ya umoja, ndiyo sababu tuna *sang*, *drank*, *swam*. *Cling*, *sting*, *spin* na *win* vikachukua irabu ya wingi, na hapo safu ya pili ikalingana na ya tatu: *clung, clung*, *stung, stung*, *spun, spun*, *won, won*. Baadaye vitenzi vingine vya sauti hiyo, kama *fling* na *string*, vikafuata kundi hili.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Kilwa anayeandika *they sung* hajaleta ujinga mpya duniani. Ametumia irabu ambayo Waingereza wenyewe waliitumia, na waandishi wao wa karne ya 18 na ya 19 walikuwa bado wakiiandika hivyo katika wakati uliopita. Lakini mtihani hauulizi karne ya 18. Kwa mtihani wa leo, vitenzi hivi vya *i* vina makundi mawili, na dalili ya kukutoa ni moja: je, kuna *have*, *has*, *had*, au *be* ya kutendwa mbele yake? Ikiwapo, andika *u* bila kujali kundi, ila kwa *win* inayoandikwa *won*, utakuwa salama: *has sung*, *was rung*, *had drunk*, *have swum*, *was stung*. Isipokuwapo, ndipo ujiulize kama kitenzi ni cha kundi la *sang* au la *clung*. Maana yake ni kwamba katika maswali ya umbo la tatu hatari ni ndogo kuliko wanafunzi wanavyodhani. Hatari kubwa iko kwenye wakati uliopita.

Isipokuwa kwa *bring* na *think*. Sauti zake zinakuita ufanye *brang* na *brung*, *thank* na *thunk*, na masikio yanakubali. Vitenzi hivi viwili vinakwenda na *brought* na *thought*, na dawa yake ni kuvitoa kwenye wimbo wa *sing* kabisa, kuviandika ukurasa mwingine pamoja na *buy, bought* na *catch, caught*.

Kwa nini Mswahili huandika *have sang* hata baada ya kukariri? Nadhani ni kwa sababu shina letu halibadiliki. *Aliimba, ameimba, alikuwa ameimba*: mbele kunabadilika, *imba* imetulia. Wakati wetu unakaa kwenye kiambishi. Mwanafunzi akishaandika *have*, moyoni mwake wakati umekwisha kuonyeshwa, kazi imemalizika, na neno lolote la zamani linalofuata linaonekana kutosha. Anaokota la karibu, na la karibu ni safu ya pili, kwa kuwa ndiyo tunayotumia katika kila insha ya hadithi. Kumwambia akariri zaidi hakumsaidii. Kinachomsaidia ni kumwambia kwamba katika Kiingereza wakati unalipwa mara mbili: mara moja kwenye *have*, mara ya pili kwenye umbo la kitenzi.

Tulifanya mazoezi kwa sentensi nilizotunga mwenyewe, za pwani, ili asijifiche nyuma ya maneno mageni. *The fishermen have … their nets on the sand*, kitenzi ni *lay*. Akasema: wavuvi wametandaza nyavu, wamezilaza, kuna kitu kinacholazwa, mstari wa pili, *laid*. *The old man has … in bed for three days*, kitenzi ni *lie*. Akasema: mzee amelala mwenyewe, mstari wa kwanza, kuna *for*, kuna *has*, *lain*. *Yesterday the dog … under the boat*, kitenzi ni *lie*. Hapa alisita. Mbwa amelala mwenyewe, hakuna *has*, ni jana, safu ya pili: *lay*. Aliiandika, akaiangalia, akasema inaonekana kama kosa. Nikamwambia ndiyo dalili ya kwamba ameipata, maana *lay* ya wakati uliopita inaonekana kama kosa kwa kila mtu.

Kisha nikampa ya mwisho, isiyo na nafasi ya kujaza: aandike kwa Kiingereza kwamba mama yake alilazwa Lindi kwa siku tano. Akaandika *My mother was admitted to hospital in Lindi and stayed there for five days.* Hakutumia *lie* wala *lay*. Nikampa alama zote.

Wafadhili walikubali kwamba mama mdogo ni mzima, na malipo yakaendelea. Mtihani wa kidato cha pili aliufanya mwishoni mwa mwaka akapita. Katika likizo iliyofuata alinisindikiza Kisiwani. Huwa navuka na wageni mara mojamoja, nikimsaidia mwongozaji kwa lugha, na yeye alitaka kusikia Kiingereza kikisemwa na wenyewe.

Watu wengi huja Kilwa Kisiwani kwa ajili ya msikiti mkubwa na majengo ya masultani, yaliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Mimi kila nikishuka jahazini huwa nakumbuka jambo lingine: barua za zamani kabisa za Kiswahili zinazojulikana ziliandikwa Kilwa, mwaka 1711, kwa herufi za Kiarabu, na zimehifadhiwa Goa, India, kwa kuwa ziliishia mikononi mwa Wareno. Watu wa hapa walikuwa na mambo mazito ya kuwaeleza wageni wa ng'ambo, wakayaeleza kwa Kiswahili. Nilimwambia hilo mdogo wangu tukipanda kwenda Husuni Kubwa. Akasema, “Wenzetu walikuwa na raha.”

Husuni Kubwa, jumba la karne ya 14 juu ya jabali, limejaa mawe ya matumbawe yaliyoanguka kutoka darini. Mgeni mmoja, mzee wa Kiingereza mwenye kofia ya majani, alisimama mbele ya kipande kikubwa cha dari akauliza: *How long has this been laying here?*

Mdogo wangu aligeuka kunitazama. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyeona hakimu akiiba. Mwongozaji alikuwa mbele na wengine, kwa hiyo jibu likawa letu. Nikamwachia yeye. Akavuta pumzi, akasema polepole: *It fell long ago, sir, and it has lain here since.*

*Just laid there all this time*, akasema mzee, akitikisa kichwa kwa mshangao, akapiga picha.

Kwenye jahazi la kurudi, upepo wa kusi ukitusukuma, aliniuliza kwa sauti ya chini nani kati yao amekosa. Nikamwambia ukweli. Katika midomo ya Waingereza na Wamarekani wengi, hivi vitenzi viwili vinaungana kuwa kimoja, na *lain* haisikiki sana ila kwenye vitabu. Mzee yule hakukosea kwa watu wa kwao, wote wangemwelewa. Pengine siku moja vitabu navyo vitakubali, kama vilivyokubali kuachana na *sungon*. Lakini anayesahihisha karatasi yake anashika kitabu, hashiki midomo ya watu.

Alifikiri kidogo. “Kwa hiyo wao wanaruhusiwa kusahau,” akasema, “sisi hatujaruhusiwa.”

Jahazi liligusa mchanga wa Masoko. Nahodha akaruka majini, akatuomba tushuke upesi, maji yalikuwa yanakupwa na hakutaka chombo kilale.